Kupigwa mahabusu: daktari anaona nini, na kwa nini maelezo ya onyo hupingwa

"Mheshimiwa, maelezo yale nilisaini baada ya kupigwa." Kauli hii husikika mara nyingi katika mahakama za Moshi na Arusha, kiasi kwamba wasikilizaji wengine huguna tu. Wanajua kuna mshtakiwa anayeitumia kama ngao ya mwisho, na wanajua pia kuna aliyepigwa kweli. Shida ni kwamba siku anapoitamka mwili wake hauna tena cha kuonyesha. Kesi imeshakaa mwaka, pengine miwili. Uvimbe umeisha, michubuko imepona, na kilichobaki ni neno lake dhidi ya neno la afande.

Kwa hiyo atakayeaminika huwa ameshaamuliwa mapema, katika siku kumi hivi za kwanza tangu akamatwe. Kinachoamua ni maandishi ya watu wachache: askari wa zamu kaunta, mlinzi wa amani anayeandika maungamo kwa niaba ya mahakama, hakimu wa siku ya kwanza, mganga wa gereza, na daktari wa hospitali ikiwa mtuhumiwa amebahatika kumfikia. Daktari ni mmoja tu katika mlolongo huo, na mara nyingi ndiye wa mwisho.

Nitautumia mfano wa kutunga ili hatua zionekane. Kijana wa bodaboda, tumwite Juma, anakamatwa Majengo, Moshi, Jumatatu saa tatu usiku, akituhumiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Pikipiki imeporwa wiki moja kabla na mwenye nayo amekatwa panga mkononi. Jumanne usiku, kwa maelezo yake, Juma anatolewa lokapu, anafungwa pingu mikono ikiwa nyuma, analazwa kifudifudi na kupigwa nyayoni kwa kirungu. Jumatano saa nne asubuhi anaandikwa maelezo ya onyo, yale ambayo polisi humwandika mtuhumiwa baada ya kumwonya kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, anakiri. Alhamisi anapelekwa kwa mlinzi wa amani, anakiri tena. Ijumaa anafikishwa kwa hakimu, anasomewa shtaka lisilo na dhamana, na jioni anapokelewa Gereza la Karanga.

Daktari anamwona Ijumaa ya wiki inayofuata, siku kumi baada ya kipigo.

Anayekutesa ndiye anayekupa fomu

Tuanze na kikwazo ambacho kila mtu anakijua. Mtu akipigwa mtaani huenda kituoni, anapewa PF3, anaipeleka hospitali, daktari anajaza, fomu inarudi polisi. Utaratibu huu una maana mpigaji akiwa jirani yako. Akiwa askari, majeruhi anatakiwa kuomba karatasi ya ushahidi kwa watu walewale anaowalalamikia, akiwa bado mikononi mwao. Haombi. Na hata akitoka kwa dhamana, wengi hawarudi kaunta ileile kusema "naomba PF3, nimepigwa na nyinyi".

Lakini PF3 si karatasi pekee inayoweza kubeba ushahidi wa daktari. Faili la mgonjwa la Hospitali ya Mawenzi au KCMC, kitabu cha zahanati ya gereza, karatasi ya majibu ya maabara, vyote ni kumbukumbu zinazoweza kufika mahakamani kupitia aliyeziandika au anayezitunza. Kwa aliye rumande njia iliyonyooka ni wakili wake kumwomba hakimu atoe amri apelekwe hospitali kuchunguzwa. Hapo daktari anafanya kazi kwa amri ya mahakama na anaandika ripoti kamili, badala ya kubanana kwenye nafasi finyu ya fomu ambamo wengi huishia kuandika "jeraha la kitu butu" na kugonga mhuri.

Maneno hayo hayamsaidii mtu. Rungu ni kitu butu, sakafu ni kitu butu, bampa la daladala ni kitu butu. Ripoti yenye thamani inaeleza jeraha liko wapi hasa, lina urefu na upana gani kwa sentimita, lina umbo gani, liko katika hatua gani ya kupona, mgonjwa alisema limetokana na nini, na kama hicho alichosema kinaendana na kinachoonekana. Picha hupigwa mara mbili: moja ya mbali inayoonyesha ni mwili wa nani na sehemu gani, nyingine ya karibu yenye rula pembeni.

Kuna mwongozo wa kimataifa wa kazi hii, Itifaki ya Istanbul, uliokamilishwa mwaka 1999 na kuhuishwa mwaka 2022. Jambo lake linalofaa kukumbukwa ni ngazi tano ambazo daktari huzitumia kueleza uhusiano wa jeraha na simulizi. Ya chini ni kwamba jeraha haliwezi kuwa limetokana na kitendo kilichosimuliwa. Inayofuata ni kwamba linaweza kuwa limetokana nacho, ila zipo sababu nyingine nyingi. Ya tatu, linalingana nacho sana na sababu nyingine ni chache. Ya nne, ni jeraha ambalo kwa kawaida huonekana kwa kitendo hicho, ingawa lipo jingine linaloweza kulileta. Ya juu, haliwezi kuletwa na kitu kingine chochote. Majeraha mengi ya vipigo huangukia katikati, na daktari mkweli husema hivyo. Anayeandika "huyu aliteswa na polisi" ameharibu ripoti yake mwenyewe, kwa sababu hakuwepo. Nani alimpiga ni swali la mahakama.

Unyayo unaficha

Wanaopiga wanajua kwa nini wanachagua nyayo. Ngozi ya hapo ni nene, chini yake kuna mafuta yaliyofungwa kwenye vijumba vidogo, na chini zaidi utando mgumu unaoshikilia upinde wa mguu. Damu inayovuja huenea ndani badala ya kukaa mahali pamoja, kwa hiyo siku ya kwanza na ya pili utaona mguu umevimba hadi juu ya kifundo na mtu anatembea kwa kingo za miguu, lakini alama ya fimbo huenda usiione. Baada ya wiki moja uvimbe hupungua. Baada ya mbili, mtu aliyeshindwa kuvaa viatu anaweza kuonekana mzima kabisa.

Daktari anayejua kazi hii haishii kutazama. Anabonyeza visigino, kwa sababu yale mafuta ya kisigino yakipasuliwa na kipigo hayarudi yalivyokuwa. Kisigino kinatepeta na mtu anahisi kama anakanyagia mfupa. Anavuta kidole gumba cha mguu kuelekea juu na kupapasa utando wa unyayo kuona kama umekaza kama kamba au umelegea. Anamwambia mgonjwa atembee, kisha anamtazama pale anapodhani mtihani umekwisha, akirudi kukaa. Anayeigiza kuchechemea mara nyingi husahau hapo.

Kwa mtu mweusi kuna ugumu wa ziada ambao vitabu vingi vya zamani havikuujali. Rangi za mvilio wa damu, zambarau, kijani, njano, zilielezwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu mvilio unaweza kuonekana kama kivuli tu, au usionekane kabisa wakati nyama iliyo chini inauma na imekaza. Taa ya pembeni husaidia, kidole kinachopapasa husaidia zaidi, na kumwona mgonjwa tena baada ya siku moja au mbili husaidia kuliko vyote, maana mvilio wa ndani huchelewa kujitokeza juu. Hata pale rangi inapoonekana, haiwezi kutaja siku ya kipigo. Kinachoweza kusemwa kwa usalama ni kwamba njano haionekani kabla ya saa 18 hivi. Ikiwepo, mvilio una zaidi ya muda huo. Isipokuwepo, haituambii chochote. Daktari anayesema kizimbani kwamba mvilio una siku tatu kamili kwa kutazama rangi anajitafutia fedheha akihojiwa na wakili aliyejiandaa.

Alama zinazosema zaidi ni zile zenye umbo. Fimbo au rungu jembamba likitua kwenye mgongo au paja huacha mistari miwili sambamba yenye sehemu iliyopauka katikati, kwa sababu damu husukumwa pembeni ya pigo. Mtu akianguka kwenye ngazi hapati mistari hiyo. Pingu zilizobanwa huacha mchubuko unaozunguka kifundo cha mkono, mzito zaidi upande wa mfupa, na wakati mwingine huubana mshipa mdogo wa fahamu upande wa kidole gumba. Mtu anabaki na ganzi nyuma ya kidole hicho kwa wiki au miezi. Ganzi hiyo hupimwa kwa pamba na pini, na eneo lake huchorwa kwenye ripoti. Kofi zito la sikio hupasua ngoma ya sikio, ambayo daktari huiona kwa kifaa chake cha kumulika, lakini tundu dogo hujiziba lenyewe ndani ya wiki chache.

Kuna kipimo kimoja rahisi ambacho hukosekana si kwa kukosa fedha bali kwa kukosa kufikiriwa. Misuli mikubwa ikipigwa sana, mapaja, makalio, mgongo, seli zake hupasuka na kumwaga ndani ya damu kemikali nyekundu inayoitwa mayoglobini. Figo huichuja, na mkojo unatoka rangi ya soda nyeusi. Ukichovya kijiti cha kupimia mkojo kitaonyesha damu, lakini ukitazama mkojo huohuo kwa hadubini hukuti chembe nyekundu za damu, au unakuta chache mno. Tofauti hiyo inaashiria kwamba misuli ndiyo iliyopondeka. Hospitali ikipima kimeng'enya cha misuli kwenye damu, kinapanda ndani ya siku moja hadi tatu baada ya kipigo, kisha kinashuka. Hali hii inaweza kuua kwa kufunga figo, hivyo kipimo ni cha matibabu kwanza. Lakini karatasi ya maabara yenye tarehe na saa ni shahidi asiyeogopa mtu. Mganga wa gereza ambaye mahabusu mpya anamwambia "nakojoa cheusi" akaandika tu "UTI" amepoteza vyote viwili.

Siku kumi za Juma

Turudi kwa Juma. Siku kumi baada ya kipigo, daktari wa Mawenzi anakuta nyayo zisizo na uvimbe. Visigino vyote vinauma vikibonyezwa, cha kushoto zaidi. Kwenye vifundo vya mikono kuna mistari iliyopauka, magamba yameshadondoka, inazunguka upande wa nje, na nyuma ya kidole gumba cha kulia kuna ganzi ya ukubwa wa sarafu. Mkojo ni safi. Daktari anaandika kwamba alama za mikononi zinalingana sana na pingu zilizobanwa kwa muda mrefu, na kwamba maumivu ya visigino yanalingana na kipigo cha nyayo lakini yanaweza kuwa na sababu nyingine.

Kwa ripoti hiyo peke yake Juma hafiki mbali. Wakili wa Serikali atasema pingu ni halali na visigino huuma hata mtu akicheza mpira. Ripoti inapata uzito ikiwekwa kando ya maandishi mengine, na hapo saa na tarehe ndizo zinazofanya kazi.

Kitabu cha kupokea mahabusu cha kituo, Jumatatu usiku, kinasema: "mzima, hana jeraha". Hakimu wa Ijumaa, kabla hajamwuliza Juma chochote, ameandika kwenye mwenendo wa kesi kwamba mshtakiwa anachechemea na amevaa kandambili. Kitabu cha zahanati ya Karanga, Ijumaa jioni: nyayo zote zimevimba, anatembea kwa shida, vidonda viwili vifundo vya mikono, amepewa dawa ya maumivu. Mganga wa gereza hakuandika ili kumtetea Juma. Anaandika ili mahabusu akifa usiku asije akaulizwa yeye. Ndiyo sababu mahakama humwamini.

Utetezi wa kawaida wa polisi ni kwamba mtuhumiwa alipigwa na wananchi wenye hasira kali kabla hawajamwokoa. Mara nyingi ni kweli. Huku kwetu mwizi wa pikipiki akishikwa na watu, polisi ndio humponya. Lakini maelezo hayo yanapimika. Kipigo cha wananchi kinatawanyika: kichwa, uso, mgongo, mikono iliyoinuliwa kujikinga, mawe, mateke. Nyayo za mtu aliyevaa viatu na anayekimbia hazifikiki. Na kubwa zaidi, kama aliokolewa akiwa amepigwa, kwa nini kitabu cha kaunta kinasema hana jeraha? Askari wa zamu aliandika "mzima" kwa mazoea, kama wanavyoandika wote. Miaka miwili baadaye neno hilo linamfunga mwenzake: ama kitabu hakiaminiki, ama Juma aliumia akiwa ndani.

Kwa nini maelezo yanapingwa

Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inaruhusu maelezo ya kukiri kosa mbele ya polisi kutumika mahakamani, ikiwa yametolewa kwa hiari. Kifungu kilichojulikana kwa miaka mingi kama cha 27 kinaweka mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo kwa upande wa mashtaka. Mshtakiwa hatakiwi kuthibitisha kwamba aliteswa. Akiibua shaka ya maana kwamba huenda alipigwa, mashtaka ndiyo yanayopaswa kuifuta. Hapo ndipo ripoti ya daktari inayosema "linalingana" tu, bila kusema "bila shaka", inaweza kutosha.

Kifungu hicho hakiishii kwa afande aliyeshika kalamu. Tishio au kipigo kikitoka kwa polisi mwingine yeyote au mtu mwenye mamlaka, hiari imeondoka. Hili ni muhimu kwa sababu kazi hugawanywa. Mpelelezi anayeandika maelezo Jumatano asubuhi anaweza kuapa, na akawa anasema kweli, kwamba hakumgusa Juma na alimpa maji ya kunywa. Swali la wakili makini ni jingine: kuanzia Jumatatu usiku hadi Jumatano asubuhi alikuwa mikononi mwa nani, na nani alimtoa lokapu Jumanne usiku? Kitabu cha kituo kinapaswa kuonyesha.

Kisha kuna saa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtuhumiwa ahojiwe ndani ya saa 4 tangu awekwe chini ya ulinzi, na muda unaweza kuongezwa kwa saa nyingine zisizozidi 8, huku muda wa kusafiri na sababu nyingine zilizotajwa ukiondolewa kwenye hesabu. Maelezo ya Juma yaliandikwa saa 37 baada ya kukamatwa, na kutoka Majengo hadi kituo cha kati si safari ya kuhesabiwa. Mahakama ya Rufaa imeshakataa maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila sababu ya kueleweka. Ukomo huo una uhusiano wa moja kwa moja na kipigo: usiku wa pili lokapu, bila ndugu wala wakili, ndio usiku mambo yanapotokea.

Pingamizi likitolewa, kesi husimama na kufunguliwa kesi ndogo ndani ya kesi kubwa. Katika mahakama za chini huitwa uchunguzi, lakini shughuli ni ileile: mashahidi wa Jamhuri kwanza, kisha mshtakiwa na mashahidi wake, akiwemo daktari na mganga wa gereza, kisha uamuzi kuhusu hiari peke yake. Wengi nchini walilijua jina la kesi ndogo mwaka 2021, katika kesi ya ugaidi iliyomhusu Freeman Mbowe na wenzake, ambapo washtakiwa wawili waliokamatwa Rau Madukani hapahapa Moshi, Agosti 2020, walipinga maelezo yaliyodaiwa kuwa yao. Katika kesi ndogo ya kwanza Mahakama Kuu ilitupa pingamizi na kuyapokea maelezo. Machi 2022 upande wa mashtaka uliiondoa kesi nzima.

Wakati wa kupinga ni mmoja: pale shahidi anapoomba maelezo yapokelewe kama kielelezo. Mahakama ya Rufaa ilishasema mwaka 1992 kwamba anayesubiri hadi zamu yake ya kujitetea ndipo aseme alipigwa amechelewa. Mshtakiwa asiye na wakili hupotea hapa kuliko mahali pengine popote. Anaulizwa "una pingamizi?" na anadhani anaulizwa kama karatasi ile ipo. Anajibu hana, akitegemea atasimulia yote zamu yake ikifika.

Kosa jingine ni la maneno. "Sikuyasema hayo kabisa" na "niliyasema kwa sababu nilipigwa" ni mapingamizi tofauti. La pili ndilo linalofungua kesi ndogo. La kwanza kwa kawaida halizuii maelezo kupokelewa. Hakimu atayapima mwishoni pamoja na ushahidi mwingine. Aliyepigwa hadi akasaini karatasi iliyoandikwa na mwingine ana yote mawili, na anapaswa kuyatamka yote mawili.

Na mlinzi wa amani je? Hapa ndipo Jamhuri huegemea: hata kama polisi walikosea, alikiri tena mbele ya mtu asiye polisi. Mwongozo wa Jaji Mkuu wa mwaka 1964 unamtaka mlinzi wa amani aulize alikamatwa lini na wapi, alilala wapi, kama kuna aliyemtisha, kumpiga au kumwahidi kitu, na kama kweli anataka kusema. Kwa Juma, fomu inasema mwili ulikaguliwa na "sikuona jeraha". Akihojiwa, mlinzi wa amani anakubali kwamba alimvua shati lakini hakumvua viatu. Anakubali pia kwamba askari waliomleta walikuwa wakisubiri nje ya mlango na ndio walioondoka naye. Binafsi naona swali hilo la mwisho ni zito kuliko mengine yote kwenye fomu, na fomu hailiulizi.

Yakipokelewa, bado hayajashinda

Mwanasheria wa Serikali ana hoja ya haki anayoweza kuileta. Sheria hiyohiyo ya Ushahidi, katika kifungu kilichojulikana kama cha 29, inasema maelezo hayakataliwi kwa sababu tu ya tishio au ahadi, isipokuwa kama jambo lenyewe lilikuwa la kuweza kumfanya mtu akiri uongo. Ndiyo maana wapo majaji waliosisitiza ukweli wa maelezo kuliko namna yalivyopatikana. Lakini hoja hiyo inafaa ahadi ya dhamana au neno kali. Rungu nyayoni usiku kucha ni jambo la kumfanya mtu akiri chochote, cha kweli na cha uongo, na Katiba katika ibara ya 13(6)(e) inapiga marufuku mateso bila kuuliza kama yalizaa ukweli.

Hata yakipokelewa, kuna mlango wa pili. Tangu uamuzi wa Tuwamoi dhidi ya Uganda wa mwaka 1967, mahakama za Afrika Mashariki hujionya kabla ya kumtia mtu hatiani kwa maelezo aliyoyakana: hutafuta ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono, au ziridhike kabisa kwamba hayawezi kuwa ila kweli. Hapo msomaji makini wa maelezo hutafuta mambo mawili. Je, kuna jambo ambalo mhalifu pekee angelijua na polisi hawakulijua bado? Na je, kuna kosa la polisi lililohamia mdomoni mwa mtuhumiwa?

Kwa Juma lipo. Mwenye pikipiki alipokwenda kuchukua RB usiku wa tukio, akiwa na jeraha, karani aliandika kwamba pikipiki ni nyekundu. Ni ya bluu. Kadi yake inasema hivyo na yenyewe imekutwa ya bluu. Maelezo ya Juma yanasema "tuliichukua pikipiki nyekundu". Mtu aliyeipora na kuiendesha asingekosea rangi hiyo. Aliyeandika akiwa na nakala ya RB mezani angeikosea.

Limebaki jambo moja ambalo hutumika kuokoa maelezo yaliyokataliwa. Sheria inaruhusu ile sehemu ya kauli ya mtuhumiwa iliyowapeleka polisi kwenye kitu ambacho hawakukijua, kwa sababu kupatikana kwa kitu kunathibitisha ukweli wa sehemu hiyo. Polisi wanasema Juma aliwaonyesha pikipiki ilikofichwa, Himo. Hati ya ukamataji inaletwa, ina saini ya balozi wa nyumba kumi, na ina saa: Jumanne, saa tano asubuhi. Kwa maelezo ya mpelelezi mwenyewe, Juma hakuwa ametamka lolote kabla ya Jumatano.

Hakimu anakataa maelezo ya onyo kwa sababu yalichukuliwa nje ya muda na hiari yake haikuthibitishwa, anayaona ya mlinzi wa amani kuwa hayawezi kusimama peke yake, na anasema pikipiki haikupatikana kwa kauli ya mshtakiwa. Kesi inaendelea na ushahidi wa shahidi mmoja wa utambuzi, aliyemwona mporaji usiku, kwa mwanga wa taa ya pikipiki iliyokuwa ikimmulika yeye mwenyewe usoni.